Kazi Imechelewa kwa Ugonjwa: Namna ya Kuandika Barua Yenye Tarehe Inayoaminika

Seremala wa Ngamiani aliyechukua kazi ya kutengeneza viti na meza za shule, kisha akaugua siku chache kabla ya kukabidhi, ana mambo mawili ya kumwandikia mteja wake: nini kilimzuia, na lini kazi itafika. Kwa mazoea yetu jambo la kwanza hupewa ukurasa mzima. Homa inaelezwa ilivyoanza, dawa zilivyokataa, ndugu walivyokesha, na mwishoni kabisa, juu kidogo ya sahihi, unaingizwa mstari mmoja kwamba kazi itakamilika hivi karibuni. Ushauri wangu ni kuigeuza barua hiyo juu chini. Ugonjwa upewe sentensi mbili, tarehe mpya ipewe zilizobaki, na kila sentensi inayozungumzia tarehe iwe na kitu ambacho mteja anaweza kukihesabu au kuja kukiona kwa macho. Nasema hivi kwa sababu mteja akishamaliza kukuonea huruma ana kazi yake ya kufanya, na kazi hiyo haifanyiki kwa huruma.

Tumchukue mteja wa kawaida kabisa katika mji wa Tanga, shule ya sekondari ya serikali. Mwaka wa fedha wa serikali yetu unaanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni. Mkuu wa shule aliyeagiza seti 80 za viti na meza zifike tarehe 12 Juni hakuitaja siku hiyo kwa kubahatisha. Alihesabu siku za kamati ya mapokezi kukagua viti, za mhasibu kuandaa malipo, na za malipo yenyewe kupita kabla mwaka haujafungwa, maana fedha ambayo haijatumika hadi siku ile inaweza kurudi Hazina au kuhitaji maombi mapya yenye safari zake ndefu. Akiandikiwa "hivi karibuni", hana la kumwambia mhasibu. Akiandikiwa tarehe 3 Julai, hata kama inamuudhi, anajua mara moja kwamba sehemu hii ya malipo imevuka mwaka, na anaanza kushughulika nayo akiwa bado na wiki mbili mkononi. Tarehe mbaya inayojulikana mapema inamfaa kuliko matumaini mazuri, na huo ndio msingi wa yote yatakayofuata.

Hapa fundi atasema: mkuu wa shule anajua kabisa kwamba niliugua, alifika hata kunijulia hali, akanipa pole na kuniambia nisiwe na wasiwasi, barua ya nini tena? Ni hoja nzito katika pwani yetu, ambako kumtazama mgonjwa ni wajibu na maneno yasemwayo kando ya kitanda yana heshima yake. Lakini aliyekuja kukujulia hali alikuja kama jirani. Anayefunga jalada la malipo ni ofisi, na ofisi ina mhasibu ambaye hakuja, ina kamati ambayo haikukusikia, na baadaye itakuwa na mkaguzi atakayeuliza kwa nini kazi ya tarehe 12 Juni ilipokelewa Julai. Pole haiingii kwenye jalada. Mkuu wa shule mwenyewe anaweza kuhamishwa kabla viti havijafika, na atakayekuja hatakuwa na habari ya pole yoyote. Barua yako inamkinga hata yule aliyekuhurumia, kwa kumpa karatasi ya kuonyesha atakapoulizwa.

Sheria nayo iko upande wa maandishi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo ni Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961 na kurithi sehemu kubwa ya maneno yake kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 55 kinagawa mikataba katika makundi mawili. Kama wahusika waliuchukulia muda kuwa kiini cha makubaliano, aliyekosewa ana hiari ya kuuvunja mkataba siku ilipopita. Kama muda haukuwa kiini, hawezi kuuvunja kwa sababu hiyo pekee, ila anaweza kudai fidia ya hasara aliyoipata kwa kucheleweshewa. Halafu kifungu hicho kinaongeza jambo ambalo mafundi wengi hawalijui: katika mkataba ambao muda ni kiini, mteja akikubali kuipokea kazi kwa tarehe nyingine, hawezi baadaye kudai fidia ya kuchelewa, isipokuwa wakati wa kukubali amekuarifu kwamba anakusudia kuidai. Maana yake ni kwamba jibu la mteja kwa barua yako lina uzito kama barua yenyewe. Ndiyo maana barua lazima iombe jibu la maandishi. Bila tarehe mpya ndani yake hakuna kitu cha kukubaliwa, na kifungu hicho hakina pa kushikia.

Je, ugonjwa wenyewe haukusamehe? Mara chache sana, na inategemea kama kazi ilikuwa ya mikono yako wewe mwenyewe tu. Ipo kesi ya Uingereza ya mwaka 1871 ambayo wanafunzi wa sheria huisoma hadi leo, Robinson dhidi ya Davison. Mpiga piano mashuhuri, Arabella Goddard, alikuwa ameahidi kupiga katika tamasha la mji mdogo wa Brigg tarehe 14 Januari mwaka huo. Akaugua, akaandika barua, na barua ikamfikia mwandaaji asubuhi ya siku yenyewe. Mahakama ilisema mkataba wa namna hiyo unategemea afya ya mtu aliyeajiriwa kwa kipaji chake, kwa hiyo ugonjwa ulimwondolea wajibu wa kupiga. Lakini mwandaaji hakutoka mikono mitupu. Alipewa fidia ndogo kwa gharama ambazo angeziepuka kama habari ingemfikia mapema kwa simu ya maandishi badala ya barua. Seremala wetu hana hata nusu ya bahati ya yule bibi, kwa sababu shule haikununua kipaji chake cha pekee. Ilinunua viti, na viti vinaweza kuungwa na fundi mwingine. Kama mpiga piano aliyesamehewa ugonjwa hakusamehewa kuchelewa kutoa taarifa, basi mwuza viti asitegemee kusamehewa lolote kati ya hayo mawili.

Taarifa, kwa hiyo, hutangulia barua. Siku fundi anapolazwa, kijana wake wa karakana atume ujumbe wa simu kwa mkuu wa shule, mfupi kabisa: fundi amelazwa leo, seti 50 kati ya 80 zimeshaungwa, tarehe 12 haitawezekana kwa zote, na Jumatatu tarehe 15 utapata barua yenye tarehe mpya. Ujumbe huo hautaji siku ya kukabidhi, na ni vizuri usiitaje, kwa sababu hakuna anayeijua. Unataja siku ambayo tarehe itajulikana, na ahadi hiyo ndogo ni rahisi kuitimiza hata ukiwa dhaifu. Usiufute kwenye simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hii kutumika kama ushahidi, na saa iliyoandikwa juu yake ndiyo itakayoonyesha kwamba ulitoa habari kabla muda haujapita.

Kwa nini kungoja hadi tarehe 15, wakati homa huenda imeshuka tarehe 8? Chukua homa ya dengi, ambayo watu wa Tanga na Dar es Salaam waliifahamu vizuri katika mlipuko wa mwaka 2019. Homa yake hudumu kati ya siku 2 na 7. Hila yake ni kwamba kipindi cha hatari huanza pale pale joto linaposhuka: mgonjwa anajiona amepona, kumbe ndiyo siku za kuangalia maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma na kutokwa damu kwenye fizi. Na akivuka hapo, uchovu unaweza kukaa naye wiki kadhaa baada ya vipimo kuwa safi. Malaria ya kawaida nayo ina dozi ya dawa ya mseto ya siku 3, lakini mwili haurudi kazini pamoja na kidonge cha mwisho. Mtu anayepanga tarehe siku homa imeshuka anapanga kwa furaha ya kupona, na furaha hiyo huhesabu siku chache mno. Ahadi ya pili ikivunjika kwa sababu hiyo, mteja hatakumbuka tena kwamba ya kwanza ilivunjwa na dengi. Ataunganisha zote mbili na kukuita fundi wa njoo kesho, na kwa jina hilo hatakuwa amekosea sana.

Ugonjwa utajwe kiasi gani basi? Inatosha kuandika kwamba ulilazwa kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, ukapewa mapumziko hadi tarehe fulani, na kuambatisha nakala ya karatasi ya mapumziko ya daktari, ile ambayo wengi huiita ED. Jina la ugonjwa si lazima. Majibu ya maabara usiyaambatishe kabisa, kwa kuwa barua hiyo itasomwa na karani, mhasibu na wajumbe wa kamati, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika zile nyeti zinazohitaji uangalifu wa pekee. Wapo wanaodhani kwamba kadiri ugonjwa unavyosimuliwa kwa urefu ndivyo utakavyoaminiwa. Mimi naona kinyume: msomaji wa barua ya kazi akikutana na aya tatu za kutapika anaanza kushuku kwamba zinaziba pengo la kitu kingine. Tarehe tatu na karatasi moja yenye muhuri wa hospitali humaliza shaka.

Fundi pia asijifananishe na mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ili mradi alete cheti cha daktari. Mwenye karakana aliyechukua tenda hana mwajiri, kwa hiyo hana likizo hiyo. Karatasi ile ile ambayo kwa mwajiriwa ni haki, kwake ni uthibitisho tu wa maelezo. Tarehe ya kukabidhi haisogei kwa nguvu ya karatasi. Inasogea kwa ridhaa ya mteja.

Sasa tufike kwenye tarehe yenyewe, na hapa nitakaa. Tuseme mkataba ni wa seti 80 kwa shilingi 70,000 kila moja, jumla shilingi 5,600,000, siku ya kukabidhi ikiwa Ijumaa tarehe 12 Juni. Fundi alianguka Jumatano tarehe 3, akalazwa Ijumaa tarehe 5, akaruhusiwa Jumanne tarehe 9 na kupewa mapumziko hadi Jumapili tarehe 14. Hadi anaugua, seti 50 zilikuwa zimeungwa, na vijana wake wawili wamezipaka vanishi akiwa kitandani. Zimebaki 30. Makosa huanzia kwenye mwendo wa kazi. Kabla ya ugonjwa karakana ilitoa seti 4 kwa siku, na kishawishi ni kugawa 30 kwa 4 na kupata siku 8. Lakini zile 4 zilikuwa za fundi mwenye nguvu zake zote. Anayetoka kitandani ahesabu 3, yaani siku 10 za kazi. Kuanzia Jumatatu tarehe 15, bila kuhesabu Jumapili, siku ya kumi ni Alhamisi tarehe 25. Kisha vanishi: kwa unyevunyevu wa pwani mkono wa kwanza ukauke, upigwe msasa, upakwe wa pili na ukauke hadi kiti kiweze kupangwa juu ya kingine bila kunata. Kwa kundi la mwisho aweke Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu, na usafirishaji uwe Jumanne tarehe 30.

Je, aandike tarehe 30? Hapana. Hiyo ni siku ambayo kazi itakwisha kama hakuna kitu kitakachoharibika, na karakana ambayo hakuna kitu kinachoharibika haijajengwa. Umeme unakatika randa ikiwa katikati ya ubao, kijana mmoja naye anapata homa, mvua inanyesha siku ya vanishi. Aongeze siku 3 za akiba, aandike Ijumaa tarehe 3 Julai. Akiba hiyo ihesabiwe kwa kazi iliyobaki na isizidi hapo; anayeongeza wiki tatu juu ya kazi ya wiki mbili anajilinda kwa gharama ya mteja, na mteja mwenye macho ataona. Hesabu hii inaingia ndani ya barua, kwa ufupi, kwa sababu tarehe ambayo msomaji ameona ilivyopatikana inamwelea kuliko tarehe iliyoandikwa peke yake hata kama imepigiwa mstari mara mbili. Pia inampa mahali pa kuipima kabla haijafika: Alhamisi tarehe 25 mtu wa shule anaweza kupita karakana na kuhesabu kama seti 30 zimeungwa. Zikiwa 30, tarehe 3 iko salama. Zikiwa 18, pande zote mbili zimejua wiki moja mapema.

Kuna jambo moja linaloweza kuivunja hesabu yote, nalo halizungumzwi kwa sababu linatia aibu. Mteja alitoa kianzio cha kununulia mbao, na fundi alipolazwa kianzio kikalipa kitanda, vipimo na dawa. Ugonjwa umeisha, nguvu zimerudi, lakini mbao za seti 30 hazipo. Barua nyingi za tarehe mpya hufa hapa: fundi anaahidi kwa kutegemea pesa ambayo hajaipata, kutoka kwa kazi nyingine ambayo nayo haijalipwa. Isitoshe, kazi ya mbao haiishi kwa kuzinunua. Msaji wa shamba la Longuza kule Muheza, au mkongo, ukinunuliwa mbichi na kuungwa siku ya pili yake utapinda mwanafunzi akiwa ameshaukalia, na ubao wa inchi moja unahitaji majuma mengi ya kupangwa kivulini penye upepo ndipo ukauke. Kwa hiyo kabla hujaandika tarehe jiulize kama mbao zote, kavu, ziko ndani ya karakana. Kama ziko, sentensi hiyo iandikwe, maana hakuna ushahidi bora zaidi. Kama haziko, hesabu inaanzia siku zitakapofika.

Wengine watasema kukiri kwamba kianzio kimeliwa ni kujiharibia jina. Huenda. Lakini kuna njia ya kulisema jambo hilo pamoja na dawa yake: mwombe mteja anunue mbao kavu zilizobaki moja kwa moja dukani, kwa orodha utakayoiandika, na gharama ikatwe katika malipo ya mwisho. Faida yako itapungua, pengine itaisha, ila mteja hatoi tena fedha mkononi mwako na tarehe inabaki juu ya mbao halisi. Akigundua mwenyewe tarehe 3 Julai kwamba mbao hazikuwahi kununuliwa, mazungumzo yatakuwa ya polisi.

Baada ya hesabu yako, itazame ya mteja. Tarehe 3 Julai imevuka mwaka wa fedha, na fundi mzuri hamwachii mkuu wa shule aligundue hilo peke yake. Zile seti 50 ziko tayari, basi zipelekwe Jumatano tarehe 17 Juni, zikaguliwe, na malipo yake yaandaliwe kabla ya tarehe 30. Kazi inayoweza kugawanyika igawanywe, kwani kuchelewa kwa seti 30 hakupaswi kuonekana kama kuchelewa kwa 80. Wapo watakaouliza kwa nini asiajiri fundi wa tatu akamalize mapema. Aulize bei. Kwa shilingi 20,000 kwa siku, siku 8 ni shilingi 160,000. Kama mkataba wake una tozo ya ucheleweshaji ya asilimia 0.1 ya thamani yote kwa kila siku, hiyo ni shilingi 5,600 kwa siku, na kwa siku 21 inafika shilingi 117,600. Kwa fundi pekee, kulipa tozo kunaonekana nafuu. Lakini kwa seti 4 kwa siku kuunganisha kungeisha Jumanne tarehe 23, vanishi ingekauka hadi Ijumaa, na viti vingefika shuleni Jumamosi tarehe 27, siku tatu kabla ya kufunga mwaka. Hizo hazitoshi kwa kamati na mhasibu, na hazina akiba hata ya siku moja. Kwa kazi hii, basi, msaidizi angegharimu zaidi bila kuyawahisha malipo ndani ya mwaka. Katika kazi nyingine jibu litakuwa tofauti, na njia ya kulijua ni hiyo hiyo ya kuweka bei mbili kando ya kalenda ya mteja.

Barua sasa inaweza kuandikwa. Anwani zikae mahali pake, kumbukumbu ya mkataba itajwe, kichwa cha habari kisiwe cha "Kuomba radhi" kwani kichwa hicho hakimwambii karani aipeleke barua mezani kwa nani. Maneno ya "husika na kichwa cha habari hapo juu" yaachwe, hayana kazi. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

"YAH: TAREHE MPYA YA KUKABIDHI SETI 30 ZA VITI NA MEZA

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, kazi ya seti 80 niliyopaswa kuikabidhi Ijumaa tarehe 12 Juni haikukamilika siku hiyo. Nililazwa kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 9 Juni na kupewa mapumziko hadi tarehe 14. Nakala ya karatasi ya daktari imeambatishwa. Leo nimerudi kazini. Naomba radhi kwa usumbufu mlioupata.

Seti 50 ziko tayari na nitazileta shuleni Jumatano tarehe 17 Juni saa 4 asubuhi, ili ziweze kukaguliwa na kuandaliwa malipo kabla ya kufunga mwaka wa fedha. Seti 30 zilizobaki nitazikabidhi Ijumaa tarehe 3 Julai. Mbao zake zote, kavu, ziko karakana. Tunaunga seti 3 kwa siku, kwa hiyo hadi Alhamisi tarehe 25 Juni zote 30 zitakuwa zimeungwa, na mnakaribishwa kuja kuzihesabu siku hiyo. Siku zinazofuata ni za vanishi, usafiri na akiba. Nikishindwa kufika hapo tarehe 25, nitawaarifu siku hiyo hiyo.

Naomba mnijibu kwa maandishi kama mnaikubali tarehe hii."

Sahihi, jina, namba ya simu, basi. Utaona kwamba radhi imeombwa mara moja. Ombi la kusamehewa tozo halimo, na halimo kwa makusudi. Barua inayoahidi na kuomba msamaha wa fedha kwa pamoja humfanya msomaji ahisi kwamba ahadi ni chambo. Ombi hilo liandikwe baada ya tarehe 3 Julai, viti vyote vikiwa darasani.

Limebaki pingamizi la mwisho, nalo ni la imani. Mtu aliyeamka juzi kitandani, je, anathubutu vipi kusema kwa hakika atafanya nini tarehe 3 Julai? Si kujitia makuu mbele ya Mungu? Surat al-Kahf inamkataza muumini kusema atafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu, na fundi anayeandika inshallah pembeni ya tarehe yake hajakosea. Lakini aya ndefu ya Surat al-Baqara, ya 282, inaamuru deni la muda maalumu liandikwe pamoja na muda wake. Mambo hayo mawili hayagombani. Inshallah inafuata tarehe. Haiwezi kukaa mahali pa tarehe. Anayesema "inshallah nitaleta" bila kutaja siku hajamwachia Mungu kitu, amemwachia mteja wasiwasi. Na yule anayedhani kwamba kutotaja siku kunamlinda kisheria akumbuke kwamba fidia ya hasara inadaiwa hata pale ambapo muda si kiini cha mkataba.

Chapa nakala mbili. Moja ibaki ofisini kwa mkuu wa shule, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe na urudi nayo. Kama hadi Ijumaa tarehe 19 hujapata jibu la maandishi, rudi ofisini na nakala yako yenye muhuri ukaliombe.